Uniti 28 ambazo kumbe zilikuwa 20

Mimi nauza dagaa, nanunua mwalo wa Kibirizi nakausha nyumbani Ujiji afu napakia kwenda Tabora. Naanza na hilo kwasababu kazi yenyewe ndo imeingia kwenye hii habari ya sindano yangu ya sukari, ya insulini, giza likiwa limekolea maboti yanaingia ziwani na taa na mimi saa 10 alfajiri nishaamka, mbalamwezi ikitoka hamna kazi nalala mpaka adhana. Kwahiyo nikisema "sukari ya asubuhi kabla ya kula" asubuhi yangu siyo asubuhi ya mtu wa ofisini.

Sukari ya aina ya pili nilikuwa nayo mwaka wa tisa. Vidonge vilishafika mwisho, metformini asubuhi na jioni, glibenklamidi juu yake, na bado mashine ya kupimia sukari asubuhi inasoma 13, 14. Kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, kinachoandikwa HbA1c kwenye karatasi, kikatoka asilimia 11.2. Dokta akasema mama sasa tuanze insulini ya muda mrefu, moja tu kwa siku, usiku. Nililia kidogo maana kwetu mtu akisikia umeanza sindano anakuja kukuangalia kama anaaga. Dokta hakunibembeleza, akaniambia tu glibenklamidi inalikamua kongosho lako na kongosho limechoka, hicho ndo kilichotokea, hujafanya kosa lolote. Glibenklamidi akaitoa kabisa maana hiyo na insulini zikikutana zinaweza kukuangusha, metformini akaiacha.

Dawa ilikuwa glargini, ya kalamu, maji meupe safi kama maji ya kunywa. Nasema hivo kwasababu shemeji yangu anachoma ile nyingine ya mawingu ambayo lazima uiviringishe mkononi kwanza, akaniambia yako imeharibika mbona haina rangi. Hapana, hii ikiwa na mawingu ndo imeharibika. Wala haichanganywi na insulini nyingine kwenye bomba moja.

Nilikuwa na kilo 78. Dokta akasema wengi wanaanzia uniti 10, na ukienda kwa uzito inaangukia 8 mpaka 16 kwa mtu kama mimi, tuanze 10. Mjukuu wangu akasikia uniti akauliza bibi umeongeza luku. Saa 3 usiku kila siku, nipige uniti 2 hewani kwanza kuona kama sindano inatoa, afu niweke 10, nichome, nihesabu mpaka kumi kabla ya kuchomoa.

Sasa kwenye karatasi akaniandikia mistari mitatu tu, na ile karatasi ninayo mpaka leo imejaa mafuta ya mawese. Lengo la asubuhi kabla ya kula, kati ya 4.4 na 7.2. Asubuhi tatu zikiwa zote juu ya 7.2, ongeza uniti 2. Ikishuka chini ya 4 hata mara moja, usiongeze, nipigie simu tupunguze.

Nikamuuliza kwanini tunaangalia asubuhi tu wakati mimi nakula mchana na jioni. Jibu lake ndo lilinifungua macho. Akasema ini lako ni ghala, usiku ukiwa umelala hujala kitu lenyewe linatoa sukari kidogokidogo ili mwili usizime. Kwa mtu mzima wa afya insulini inashika mlango wa ghala. Kwako mlango umeachwa wazi usiku kucha, ndo maana unalala na 11 unaamka na 14 bila kula hata tonge. Hii insulini ya muda mrefu kazi yake ni huo mlango. Kwahiyo namba ya asubuhi ndo inasema mlango umefungwa vizuri au bado. Ya ugali siyo kazi yake.

Na kwanini siku tatu, kwanini nisiongeze kila siku nimalize haraka? Kwasababu dozi mpya haitulii usiku mmoja, inachukua siku mbili tatu mpaka ya leo na ya jana zikae sawa mwilini. Ukiongeza kila siku unaongeza juu ya kitu ambacho hujakiona bado kinafanya nini, siku ya nne zinakukuta zote pamoja.

Ila stripu za kupimia ni hela. Kupima kila siku ningefilisika, kwahiyo nikakubaliana na nesi wa kliniki kwamba mimi nitaenda kwa wiki, nipime Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi mfululizo, Jumapili naamua. Akasema sawa, utachelewa kufika lakini utafika. Kupima ni nikiamka tu kabla ya chai, iwe saa 10 au saa 12, ila nisiwe nimekula usiku wa manane. Hapo kazi ya mwaloni ilinisumbua maana wale vijana wa maboti wana maandazi na chai ya tangawizi na ukifika tu unapewa. Nikajifunza kupima nyumbani kabla sijatoka mlangoni.

Daftari linasema hivi. Wiki ya kwanza uniti 10, nikasoma 13.9, 13.2, 14.1, nikaenda 12. Wiki ya pili 12.6, 12.9, 11.8, nikaenda 14. Ya tatu 11.0, 10.7, 11.3, nikaenda 16. Ya nne 9.8, 10.1, na ya tatu yake 15.2. Hiyo 15.2 nusura niruke mpaka 20 kwa hofu. Ulikuwa mwezi wa 11, msimu wa maembe, na nilikuwa nimetoka kumenyea wajukuu maembe, nikafuta mikono kwenye kanga nikatoboa kidole. Nikawaza embe sijala, hii imetoka wapi? Nikanawa kwa sabuni, nikakausha, nikapima kidole kingine: 9.6. Maji ya embe kwenye ngozi nayo ni sukari, mashine haijui imetoka wapi. Nikaandika 9.6, nikaenda 18.

Kwenye 18 ikasoma 8.3, 7.9, 8.1. Kwenye 20 ikasoma 6.9, 7.1, 6.4. Hapo nikasimama. Wiki sita tu na macho yakaacha kufifia jioni, nikaacha kuamka kukojoa mara nne. Nikaona nimemaliza kazi.

Sasa bwana, miezi mitatu nimetulia kwenye 20, afu mwezi wa 3 namba zikaanza kupanda. 7.8. Wiki inayofuata 8.6, 9.1. Sijabadilisha kula, au niseme sijabadilisha sana. Karatasi inasema zikiwa zote juu ya 7.2 ongeza 2, nikaongeza. 22. Haikushuka. 24, ikasoma 8.9, 7.6, 9.8. 26, ikasoma 9.4, 8.2, 10.1. 28, bado 9 na kitu. Mwanzoni kila uniti 2 zilikuwa zinashusha namba kama moja hivi na asubuhi tatu zinafanana, saivi naongeza na hakuna kinachotokea, na zile tatu zimetawanyika leo 7 kesho 10. Hiyo ilikuwa dalili na mimi sikuisoma. Niliona tu namba kubwa.

Niliwaza mengi. Kwanza joto. Umeme ulikuwa unakatika na nikasema dawa imeiva. Lakini kalamu niliyofungua siiweki hata kwenye friji, inakaa ndani ya chungu kidogo kilichowekwa kwenye chungu kikubwa chenye mchanga mbichi, chini ya meza, kuna ubaridi wake. Nesi alishaniambia ikifunguliwa inakaa siku 28 mradi joto lisizidi 30, zile ambazo hazijafunguliwa ndo za friji, ila zisigande. Na siku 28 wala sikuwa nazifikisha. Piga hesabu, kalamu ina uniti 300. Mwanzoni 10 na zile 2 za hewani inakuwa 12, kalamu inakwenda siku 25. Kwenye 28 inakuwa 30 kwa siku, kalamu siku 10 imekwisha. Yani nilikuwa nanunua kalamu tatu kwa mwezi na sukari haishuki, faida yote ya dagaa inaingia tumboni kwa sindano.

Nikajaribu kalamu mpya kutoka duka lingine. Hamna mabadiliko. Basi siyo dawa.

Aliyeniambia ukweli ni nesi wa kliniki, siku hiyo dokta hayupo. Hakuangalia daftari kwanza. Akaniambia mama lala hapa, nionyeshe unapochoma. Nikamwonyesha upande wa kulia wa kitovu, vidole viwili pembeni. Akapaka mkono wake sabuni ya maji akapitisha vidole taratibu kama mtu anayetafuta chawa kwenye shuka, akaushika mkono wangu akauweka pale. Kulikuwa na kitu kama nusu ya limao chini ya ngozi, laini hivi lakini kigumu kiasi, kinateleza. Kwa macho ukisimama huoni, unaona tumbo la mama mwenye watoto sita. Kwa vidole unakipata.

Akaniuliza kwanini unachoma hapa tu. Nikamwambia ukweli, hapa haiumi. Akacheka akasema ndo wanavyosema wote. Ile nundu ni mafuta yaliyovimba kwasababu ya insulini kuingia pahali pamoja kila siku, na pale mishipa ya maumivu inakuwa imepungua, kwahiyo mtu anapapenda. Lakini dawa ikiingia mle hainyonywi vizuri. Leo inatoka nusu, kesho inatoka zaidi, keshokutwa imebaki humohumo. Ndo maana asubuhi zangu zilikuwa zimetawanyika. Na tena nilikuwa natumia sindano moja wiki nzima ili kubana matumizi, ncha yake inakuwa butu inachana nyama, inaongezea palepale.

Mpaka hapo ningekuwa nimepona. Kosa langu linalofuata ndo kubwa. Nesi aliniambia hamia sehemu nyingine ila kesho njoo dokta akupe dozi ya kuhamia. Mimi kesho yake maboti yalikuwa yanaingia, giza zuri, bei nzuri, sikwenda. Nikapita duka la dawa njiani nikamuuliza kijana wa pale, nikihamia paja niweke ngapi, akasema ileile tu mama, dozi ni dozi. Jina la duka silitaji, na kusema kweli hata mimi ningejibu hivohivo.

Usiku nikachoma paja la kushoto uniti 28. Asubuhi 5.8. Nilishangilia! Miezi miwili sijaiona 5. Nikaona nesi ana mkono wa baraka. Usiku wa pili paja la kulia, 28 tena.

Alfajiri ile nilitoka haraka bila kupima maana nilichelewa. Niko mwaloni nashika ndoo, nikasikia jasho la baridi linatiririka mgongoni na upepo wa ziwa unapuliza, siyo jasho la kazi. Mikono inatetemeka, midomo kama imekufa ganzi, na nikamkasirikia mtu wa mizani bila sababu yoyote nikamtukana, mtu ninayemheshimu. Yeye ndo akashtuka, akasema mama huyu siyo wewe, kaa chini. Mashine ilikuwa kwenye mkoba. 3.1.

Sukari ninayo siku zote kwenye kifurushi cha karatasi, vijiko vinne vya chai. Wakanikorogea kwenye kikombe cha maji nikanywa. Robo saa, nikapima, 3.6. Bado. Wakanipa soda, siyo ile isiyo na sukari, nikanywa kama nusu chupa. Robo saa tena, 4.9. Hapo nikala andazi na chai ili isianguke tena, kwasababu soda inapita haraka lakini insulini ya masaa 24 bado iko mwilini inafanya kazi. Hili watu hawaambiwi. Nilikaa nyumbani napima kila baada ya masaa mawili mpaka mchana, na saa 4 asubuhi ilikuwa imerudi 4.1 nikala tena. Stripu sita siku moja, nikasahau ubahili.

Nikampigia dokta. Hakunigombeza, akaniuliza tu, mama zile 28 ulizokuwa unachoma kwenye nundu, unadhani zilikuwa zinaingia mwilini ngapi? Nikanyamaza. Akasema hatujui, pengine 20, pengine siku nyingine 12. Ukihamia kwenye ngozi nzima zinaingia zote. Ndo maana mtu akitoka kwenye nundu anapunguza kwanza afu anapanda upya akiangalia asubuhi. Akanishusha mpaka 22, yani kama sehemu moja ya tano na ushee imetoka, akaniambia wiki hii pima kila siku, siyo siku tatu.

Kwenye 22 nikasoma 4.6, 4.3, 4.5. Hakuna chini ya 4 lakini iko karibu mno kwa mtu anayeamka saa 10 kubeba ndoo. Akasema rudi 20. Kwenye 20: 5.7, 6.1, 5.9. Zinafanana tena kama mapacha.

Kwahiyo nilizunguka kutoka 20 mpaka 28 na kurudi 20, miezi miwili na hela yote hiyo, kumbe dozi yangu haikuwahi kubadilika.

Saivi nimelichora tumbo kichwani vipande vinne, juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto, na kila wiki kipande kimoja, ndani ya kipande nasogea upana wa kidole kila usiku. Ile sehemu ya nundu siigusi, dokta alisema inaweza kuchukua miezi kupungua, na kweli imepungua ila haijaisha. Sindano nabadilisha kila nikichoma, zilizotumika natia kwenye dumu gumu la plastiki nalipeleka kliniki likijaa, wajukuu wasije wakachezea. Ijumaa ya kwanza ya mwezi napapasa tumbo kwa sabuni nikiwa naoga. Binti yangu wa pili anaona aibu nikiyasema haya kwa wageni, lakini wageni wenyewe nusu yao wanachoma, na wawili nimewapapasa nikawakuta nazo.

Kuna jambo moja jingine lilinitokea juzijuzi. Kipimo cha miezi mitatu kimeshuka kutoka 11.2 mpaka 7.9, na asubuhi zangu ni 5 na 6. Mimi nikadhani dokta ataongeza dawa ya usiku ili ile 7.9 ishuke tena. Akakataa. Akasema mlango wa ghala umeshafungwa, nikiusukuma zaidi nitakuangusha usiku, sukari iliyobaki inatoka kwenye sahani. Akaniambia pima masaa mawili baada ya chakula cha mchana. Nikapima baada ya ugali wangu wa muhogo na mgebuka wa nazi: 14.3. Siku nyingine ugali nusu, mgebuka uleule, na sahani ya majani ya maboga: 9.8. Hapo nimegombana na mkwe wangu anayepika, anadhani namsema chakula chake kibaya. Dokta anasema tukishindwa kwa sahani kuna njia nyingine za mchana, ila siyo kuongeza ile ya usiku.

Daftari langu lilikuwa na safu mbili, uniti na namba ya asubuhi. Sasa lina tatu, ya tatu ni pahali. Jana usiku nimeandika 20, chini kushoto, na leo alfajiri 5.9, maboti yameingia, dagaa bei juu.